Video imeshinda kwenye faili, lakini sina imani nayo. Mwezi ujao nipange posti vipi?

MamaMigebuka
Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma, nauza dagaa na migebuka mikavu, wateja wangu wengi wapo Dar na Dodoma. Ukurasa wangu upo Facebook, na posti huwa nazipanga mwanzo wa mwezi zijitume zenyewe, 16 kwa mwezi, maana nikishaingia mwaloni Kibirizi simu inabaki kwenye pochi.

Nimepakua data ya miezi mitatu kwa CSV, posti 42. Za wiki ya mwisho nimeziacha kwa sababu watu bado wanaziona. Wastani wa safu ya Reach, yaani idadi ya watu walioiona posti, umetoka hivi: video 9, wastani 4,100. Picha 24, wastani 1,150. Maandishi matupu 9, wastani 780.

Mdogo wangu anasema hesabu imejieleza, mwezi ujao niweke video 12. Ila video moja inanila nusu siku kuipiga na kuikata, na daftari langu la wateja haliimbi wimbo huo. Naomba ushauri kabla sijaanza kurekodi.

Kijana_wa_Mwanga
Dada, mdogo wako yuko sahihi. Siku hizi mitandao inasukuma video, picha zinazikwa. Weka video zote 16, fupi fupi, sekunde 20 zinatosha. Picha za nini?

AsaliUyui
Mimi nipo Tabora na asali yangu. Nilijaribu kupanga posti za mwezi mzima, nusu hazikutoka kabisa. Angalia saa ya simu yako, dada, na uhakikishe bando halikati.

MamaMigebuka
@AsaliUyui zangu zinatoka vizuri kaka, shida yangu ni aina gani niongeze. Pole lakini.

Karani_Mstaafu
Dada, kabla ya kugusa kamera, zipange hizo video 9 kuanzia kubwa hadi ndogo uziandike hapa zote. Wastani wa vitu tisa ni rahisi kupinda. Na useme kama kuna uliyoilipia isambazwe.

MamaMigebuka
Shikamoo mzee. Hizi hapa: 26,100, 3,900, 1,240, 1,130, 1,060, 980, 900, 850, 740.
Ile ya kwanza ni mtumbwi ulipigwa na dhoruba nikarekodi watu wakivutwa ufukweni, wote walitoka salama. Ya pili niliilipia shilingi 10,000.

Karani_Mstaafu
Marahaba. Basi umeshajijibu. Ya dhoruba watu walisambaza kwa sababu ya dhoruba. Dhoruba huwezi kuipanga kwenye foleni ya mwezi ujao. Ya pili ulinunua watazamaji. Ondoa hizo mbili, zile saba zilizobaki wastani wake ni kama 986, yaani chini ya picha zako.

Hata kama hutaki kuondoa kitu, acha wastani, tafuta namba ya katikati: zikipangwa kwa ukubwa, ile ya tano kati ya tisa. Hapo ni 1,060. Kwenye jedwali, ukiwa na aina kwenye safu B na Reach kwenye safu E, andika hivi, halafu badilisha neno uone picha na maandishi:

```
=MEDIAN(FILTER(E2:E43, B2:B43="video"))
```

Safu ya aina ijaze mwenyewe kwa mkono, usitegemee ile ya Post type. Nitasema kwa nini baadaye, nataka kwanza kusikia daftari linasemaje.

MamaMigebuka
Picha namba ya katikati ni 1,090, maandishi 640. Kwa hiyo video na picha ni sawasawa tu! Nusu siku zangu jamani.

Daftari: kila anayenitumia ujumbe kuulizia mzigo namuuliza ameona posti ipi. Video zimeleta watu 11, ile ya dhoruba ikiwa na watu 2 tu. Wengine waliishia kuandika "Mungu mkubwa". Picha zimeleta 58, maandishi 21.

Kijana_wa_Mwanga
Hapo kwenye 2 kwa watu 26,100 nimenyamaza. Ila picha ni 24, lazima zilete wengi.

Karani_Mstaafu
Kweli, gawa kwa idadi ya posti. Picha ni 2.4 kwa posti, maandishi 2.3, video 1.2. Maandishi yanaonekana na watu wachache lakini yanauza sawa na picha.

Mvuvi_Katonga
Mimi si mtu wa majedwali, ila nauliza: hizo posti zilitoka mwezi ukiwa wapi? Dagaa tunavua kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, watu wanapumzisha nyavu siku kadhaa. Anayeuza dagaa wakati huo hana mzigo mpya. Sasa siku hizo unaposti nini?

MamaMigebuka
Eeh! Siku za mbalamwezi naandika maneno tu, "mzigo unakuja, wekeni oda". Sina cha kupiga picha. Nimefungua kalenda sasa hivi: maandishi 9, sita ni za mbalamwezi. Zile tatu nilizoandika mzigo ukiwa umefika zimeleta watu 17 kati ya wale 21.

Karani_Mstaafu
Mvuvi amenizidi, nakubali. Tulikuwa tunalinganisha aina za posti, kumbe tunalinganisha giza na mbalamwezi. Ongeza safu ya "mzigo", ndiyo au hapana, ulinganishe ndani ya siku zenye mzigo peke yake. Na ukipakua data ya zamani zaidi, usichanganye na miezi ambayo ziwa lilifungwa, kama 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ila posti tatu ni chache, usizijengee nyumba.

Sasa ile safu ya aina. Ukiandika bei kwenye bango ukalipandisha kama picha, faili litaliita picha. Kwa mnunuzi yale ni maandishi. Unazo za hivyo?

MamaMigebuka
Nimehesabu. Saba. Saba hizo zimeleta watu 33 kati ya 58. Zile 17 za dagaa kwenye vichanja na magunia zimeleta 25.

Kijana_wa_Mwanga
Basi watu wanataka bei. Andika bei kwenye video pia, kwani nani amekataza?

Karani_Mstaafu
Hilo ni zuri kuliko lile la kwanza. Lakini bango na lenyewe linatoka siku mzigo upo, kwa hiyo sijui kama ni bei au ni mzigo. Dada, mwezi ujao fanya hivi: kila mzigo ukifika, bei ile ile, saa ile ile, mara hii bango, mara ijayo video yenye bei, mara ya tatu maneno matupu.

Mvuvi_Katonga
Mizigo haifanani mzee. Wiki moja dagaa weupe, wiki nyingine umenyeshewa umekuwa mweusi. Hilo jaribio litakudanganya.

Karani_Mstaafu
Litadanganya kidogo. Aandike na rangi ya mzigo.

MamaMigebuka
Nimepanga hivi: video 4, zote zina bei. Mabango 5, picha za kawaida 3, maandishi 4. Za siku zenye mzigo sitazifunga tarehe, nitaziacha rasimu nizitoe mtumbwi ukifika. Za mbalamwezi ndizo zitakazojituma zenyewe. Hizo bado sijajua niweke nini, maana "mzigo unakuja" mara sita imeleta watu 4.

AsaliUyui
Dada, hao dagaa kilo bei gani kufika Tabora? Treni inapita hapa.