Mrejesho: mtandio wa shifoni na velkro

Niliuliza: "Mtandio wangu unatoka mashineni nyuzi zimevutwa, na zipu zote nimezifunga. Kinachonasa nini?"

Ahsanteni, wapenzi. Ni velkro ya mikono ya koti la mvua la mwanangu. Ilifungwa, lakini kwa upande: ukanda mgumu ulipita ule laini kwa upana wa kucha, na vikulabu vilivyobaki wazi ndivyo vinavyonasa. Sasa naibandika sawasawa, koti nalipindua ndani nje, mtandio naufua ndani ya mfuko wa wavu.

Velkro iliyojaa nyuzi hufunguka yenyewe mashineni, basi naisugua kwa mswaki mkavu.

Uzi uliovutwa msiukate, mtandio utatoboka. Fundi wa hapa Wete kanionesha kuuvuta kwa sindano hadi upande wa nyuma.