Linki ya mchango wa Mai Mahiu: tuipime kwa kufuli, umri wa tovuti au jina la anayelipwa?

Bahati_Nakuru
Habari zenu. Mafuriko yalipita Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024, na leo, Mei 3, grupu letu la kanisa limeletewa hii:

`redcross.or.ke.changia-sasa.example`

(Mwisho nimeubadilisha, mtu asibofye.) Ina nembo, picha za matope na kufuli. Nina shilingi 2,000 za kutoa. Nipime vipi?

Juma_wa_Pwani
Ikiwa na kufuli ni salama, ndugu. Mimi huangalia hilo tu.

Mama_Tumu
Juma, kufuli inasema tu kwamba hakuna anayechungulia kati ya simu yako na tovuti hiyo. Haisemi tovuti ni ya nani, na tapeli naye huipata bure.
Bahati, soma anwani kuanzia mwisho. Kabla ya mkwaju wa kwanza, mwenyewe ni jina la mwisho pamoja na kiishio chake: `changia-sasa.example`. Hilo `redcross.or.ke` la mbele ni pambo lake. Nimeuliza umri wake kwa mwisho halisi ulionitumia pembeni, na hapa nami nimeubadilisha:

```
whois changia-sasa.example
Creation Date: 2024-05-01
```

Imezaliwa siku mbili baada ya maafa. Mimi nisingetoa hata shilingi.

Kiptoo254
Lakini upya si hatia. Watu wema nao hufungua tovuti baada ya maafa, na ya zamani huweza kudukuliwa. Mimi naamini zaidi jina. Ukiweka namba yako, ujumbe wa M-Pesa unaokuja kabla ya PIN hutaja anayelipwa. Likija jina la mtu binafsi, bonyeza ghairi.

Mama_Tumu
Kweli, ila wakati mwingine hutokea jina la kampuni inayokusanya malipo kwa niaba ya shirika, na hapo hujui lolote. Ndiyo maana mimi huiacha linki kabisa. Naandika `redcross.or.ke` kwa mkono, kisha natafuta humo namba ya Paybill. Ile ya kwenye linki isipolingana nayo tarakimu kwa tarakimu, basi.

Salma_Muscat
Sisi wa huku wengi hatuna M-Pesa. Mwaka jana nililipa kwa kadi kwenye ukurasa wa mafuriko, kisha pesa zikakatwa tena mwezi uliofuata. Kumbe kulikuwa na kisanduku cha "kila mwezi" kilichotiwa alama tayari. Benki ilinirudishia baada ya kulalamika, lakini kadi ilibidi ibadilishwe.

Bahati_Nakuru
Dada Salma, nimerudi kuangalia: kisanduku hicho kipo hapa pia, chini kabisa. Asanteni. Nimetoa kwa anwani niliyoiandika mwenyewe, na grupu nimeliambia.
Swali moja limebaki. Kijana wa mtaani kwetu anakusanya blanketi na hela kwa namba yake mwenyewe. Hana tovuti.

Kiptoo254
Huyo mpelekee blanketi.

Juma_wa_Pwani
Na asiye karibu naye je?