Jina moja, anwani mbili: nianze na hosts, kache au seva ya DNS?

kitasa
Wakuu, kompyuta mbili za Windows, ofisi moja. Nikipima `mauzo.example.com` kwa ping, ya kwanza inapata 10.0.5.20, ndiyo sahihi. Ya pili inapata 203.0.113.40, anwani yetu ya nje, na ukurasa haufunguki. Nianze wapi?

bi_swichi
Kache hiyo. `ipconfig /flushdns`, kazi imeisha.

kitasa
Nimeshafanya, dada. Ilikaa sawa asubuhi, mchana ikarudi kulekule.

kalamu9
IP zimegongana. Ibadilishe ya kompyuta moja.

nahodha_waya
Hapana, kalamu9, hizo ni anwani za seva inayotafutwa, si za kompyuta zake. Kitasa, tatizo likirudi usifute kitu kwanza. Andika:

```
ping mauzo.example.com
nslookup mauzo.example.com
ipconfig /all
```

Ping hupitia hosts na kache. Nslookup huviruka vyote viwili, inaiuliza seva ya DNS moja kwa moja. Zikikubaliana kwenye anwani mbaya, mwenye kosa ni seva. Zikipishana, fungua `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` uone kama kuna mtu aliandika mstari akasahau.

kitasa
Hosts ni safi. Ping inasema 203.0.113.40, nslookup inasema 10.0.5.20. Seva za DNS ni 10.0.5.2 kisha 8.8.8.8. Ile kompyuta ya kwanza, isiyo na tatizo, ina 10.0.5.2 peke yake.

nahodha_waya
Basi umemkamata. Jina lenu lina majibu mawili kwa makusudi: 10.0.5.2 hutoa la ndani, 8.8.8.8 ni seva ya nje, hutoa la nje linalopewa dunia nzima. Watu hudhani seva ya pili ni ya akiba tu, kumbe ya kwanza ikichelewa kidogo Windows inaiuliza ya pili, na jibu lake linabaki kwenye kache. Nslookup imeanza na ya kwanza, ndiyo maana ikakuonyesha jibu zuri. Tazama `ipconfig /displaydns`: namba ya `Time To Live` inazidi kupungua, na hadi iishe utabaki na anwani ya nje.

bi_swichi
Sawa, kache ilikuwepo ila haikuwa chanzo. Si aandike tu 10.0.5.20 kwenye hosts?

nahodha_waya
Itafanya kazi, mpaka seva ihamishwe anwani, au iwe laptopu na mwenyewe atoke nayo nje ya ofisi. Mimi ningeondoa 8.8.8.8.

kitasa
Nimeiondoa, nimefuta kache, inapata 10.0.5.20. Ila sasa 10.0.5.2 ikizimika, kompyuta hii haitapata jina lolote.

nahodha_waya
Kweli. Mnahitaji seva ya pili ya ndani yenye rekodi zilezile.

kitasa
Bajeti ya hiyo sina kwa sasa. Rauta inaweza kubeba rekodi hizo?

bi_swichi
Zipo zinazoweza. Yako ni aina gani?