Mraba wa umbali umetoka hasi kwenye parabola, nisaidieni

kalamu_nyeusi
Wakuu habari. Swali linasema: kwenye parabola y = x², tafuta nukta iliyo karibu zaidi na (0, 0.2). Kipeuo cha pili kinaleta fujo, kwa hiyo nikachukua mraba wa umbali na kuuita D:

D = x² + (x² − 0.2)²

Kwa kuwa x² ndiyo y, nikaandika D = y + (y − 0.2)². Nikadifarenshieti, nikapata 1 + 2(y − 0.2) = 0, yaani y = −0.3. Sasa parabola yenyewe haishuki chini ya sifuri! Nikairudisha −0.3 kwenye D, ikatoka −0.05. Mraba hasi jamani?

Mwenzangu anasema tatizo ni kule kuondoa kipeuo. Lakini swali lililotangulia lilikuwa na (0, 3), njia ileile ikanipa y = 2.5, na jibu la kitabu ni hilohilo. Inakuwaje ikubali pale na ikatae hapa?

mzee_wa_rula
Mbona unajichosha kijana. Shusha mstari wima kutoka kwenye nukta hadi ukutane na parabola. Kutoka (0, 0.2) unatua (0, 0). Kwisha.

Shangazi_Namba
Mzee, hapo umepata kwa bahati. Jaribu kushusha kutoka (0, 3): unatua (0, 0), umbali 3. Ilhali nukta ya kalamu ina D = 2.5 + 0.25 = 2.75, umbali kama 1.66. Anatafuta njia fupi kwa upande wowote, si ya kwenda chini tu.

Kalamu, mwambie mwenzako kipeuo hakina hatia. Namba isiyo hasi ikikua, kipeuo chake nacho kinakua, kwa hiyo pale D inapokuwa ndogo kabisa ndipo na umbali unapokuwa mdogo kabisa. Kilichokuponza ni kuhamia kwenye y bila kubeba sharti lake. Ukisema y = x², umeshasema y ≥ 0. D yako kama fanksheni ya y ina bonde lake kwenye −0.3, ila eneo hilo si letu. Sisi tunaanzia y = 0, na kuanzia hapo D inapanda tu: kwenye 0 ni 0.04, kwenye 0.1 tayari ni 0.11. Basi thamani ndogo kabisa iko ukingoni, y = 0, umbali 0.2.

Rudi kwenye x uone kilichopotea:

D′ = 2x + 4x(x² − 0.2) = 4x(x² + 0.3)

Ile −0.3 yako imo ndani ya mabano, na mabano hayo hayawezi kuwa sifuri kwa x yoyote halisi. Jibu ni ile x iliyo nje ya mabano. Ulipodifarenshieti kwa y, hiyo x iliachwa nje na hukuiona ikiondoka.

pembe90
Mimi huwa situmii D kabisa. Mstari kutoka kwenye nukta (0, a) hadi sehemu ya karibu lazima ukate tanjenti kwa pembe mraba. Mteremko wa tanjenti ni 2x, mteremko wa mstari ni (x² − a)/x, vizidishe upate −1:

2(x² − a) = −1, yaani x² = a − 0.5

Safi, hakuna mambo ya ukingo wala nini.

Shangazi_Namba
Wazo la pembe mraba ni sahihi, mkuu, lakini weka a = 0.2 uone: x² = −0.3. Umefika shimo lilelile kwa njia nyingine. Ulipoandika mteremko wa mstari uligawa kwa x, na x = 0 ikafukuzwa hapo. Pale kwenye (0, 0) mstari umesimama wima, hauna mteremko wa namba, na bado unakata tanjenti kwa pembe mraba. Kwa hiyo x = 0 ikaguliwe peke yake.

Na tazama hiyo a − 0.5, ndiyo inayojibu swali la kalamu la kwa nini 3 ilikubali. Duara linaloikumbatia parabola hii vizuri zaidi pale chini lina nusu kipenyo 0.5. Nukta ikiwa kwenye mhimili wa y, chini ya urefu huo au sawa nao kabisa, pale chini ndipo karibu zaidi. Ikipita 0.5, jibu linagawanyika kuwa mawili, kushoto na kulia, na (0, 0) inageuka kuwa kilele kidogo cha D. Kwa a = 3, D ya x = 0 ni 9, na pande zote mbili ni 2.75. Kalamu, natumaini uliandika nukta zote mbili, si y pekee.

kalamu_nyeusi
Niliandika moja tu 🙈 narudi kuongeza. Na a ikiwa 0.5 kamili? Nimejaribu derivativu ya pili kwenye x = 0 ikatoka sifuri.

Shangazi_Namba
Itatoka sifuri, ndiyo. Kipimo hicho hakisemi lolote hapo, fungua tu mabano: D = x⁴ + 0.25. Hata mtoto anaona ndogo kabisa ni x = 0.

skripti_usiku
Naomba kudandia uzi. Mimi nukta yangu ni (1, 2), parabola hiyohiyo, nimetumia Newton:

```
x = -2
for i in range(20):
    x = x - (4*x**3 - 6*x - 2) / (12*x**2 - 6)
print(x)
```

Inatulia kwenye −1. Derivativu ya pili pale ni 6, chanya, kwa hiyo ni bonde. Lakini nikichora, nukta (−1, 1) iko mbali waziwazi.

Shangazi_Namba
Ni bonde kweli, ila si refu kuliko yote. Gawa kwa 2, kisha toa x + 1 nje:

2x³ − 3x − 1 = (x + 1)(2x² − 2x − 1)

Zilizobaki ni karibu 1.366 na −0.366. Pima D kwa zote tatu: −1 inatoa 5, −0.366 inatoa 5.35 hivi, na 1.366 inatoa 0.15 hivi. Derivativu ya pili inakuambia umesimama bondeni, haikuambii kama kuna bonde jingine ng'ambo. Ulianzia −2, ukateleza hadi la karibu yako.

pembe90
Na zote tatu zinakata tanjenti kwa pembe mraba, nimehakikisha. Kwa hiyo hata njia yangu ingempa tatu achague.

skripti_usiku
Nikianzia 2 inaenda 1.366, sawa. Shida ni kwamba kazini mstari wangu si parabola, ni polinomia ya daraja la 7, siwezi kutoa mabano kwa mkono. Nianzie sehemu ngapi ili niwe na uhakika?

mzee_wa_rula
Anzia kila mahali 😄

Shangazi_Namba
Mzee leo amesema neno. D′ yako itakuwa ya daraja la 13, kwa hiyo majibu halisi hayazidi 13. Usitegemee Newton peke yake: pita kwenye gridi ya x, kila D′ inapobadilika alama kutoka hasi kwenda chanya bana hapo kwa kugawa nusu kwa nusu, kisha linganisha D za hayo mabonde. Kama x yako ina mipaka, ncha mbili nazo zipimwe. Gridi iwe nzito kiasi gani, hapo siwezi kukupa namba bila kuuona mlinganyo wenyewe. Mabonde mawili yakikaribiana sana yanaweza kupita katikati ya hatua moja.

skripti_usiku
Nitauweka hapa kesho nikifika kazini.