Mjadala: Kurekebisha uzito kwa eneo na elimu, ni haki au ni kupika matokeo?

Msomaji wa Kibaha
Ripoti za utafiti wa simu siku hizi zinaandika "takwimu zimerekebishwa kwa eneo na elimu". Yaani mhojiwa mmoja anahesabiwa zaidi kuliko mwenzake. Hii ina tofauti gani na kupika matokeo?

Kikokotoo
Anayepika anatazama jibu kwanza. Hapa lengo linatoka kwenye sensa, na uzito wa mtu unapangwa bila kujua alijibu nini.

Chukua mfano wa kufikirika wa wahojiwa 1,000. Mjini wenye sekondari ni 400, mjini walioishia msingi 200, kijijini sekondari 200, kijijini msingi 200. Tuseme sensa inasema mjini ni 35% na kijijini 65%, sekondari 30% na msingi 70%.

Unaanza na eneo. Mjini wako 600 na wanatakiwa 350, kwa hiyo kila mmoja anazidishwa kwa 0.583. Kijijini ni 650 kugawanya kwa 400, yaani 1.625. Eneo limekaa, lakini jumlisha elimu: sekondari wamefika 558 na wanatakiwa 300. Basi unazidisha sekondari kwa 0.537 na msingi kwa 1.585. Elimu imekaa, eneo limeharibika tena, mjini wamebaki 310. Unarudi kwenye eneo, kisha elimu. Mzunguko wa pili ukiisha mjini ni 349. Wa tatu ukiisha, pande zote mbili zimekaa. Mhojiwa wa mjini mwenye sekondari anaishia na uzito wa karibu 0.35, wa kijijini aliyeishia msingi 2.44.

Mpima Kura
Hesabu ni sahihi, ila umesahau kusema elimu iwekwe mwisho, maana kigezo cha mwisho ndicho kinachoshinda. Na tuseme ukweli: mtu wa darasa la saba akiulizwa kwa simu anaitikia "ndiyo" kila swali. Ukimpa 2.44 unakuza makosa yake.

Binti Songea
Mpima Kura, hilo la darasa la saba umelitoa wapi? Mtu huyo analima, anauza, anapiga kura, anajua bei ya mbolea kuliko wewe. Wewe unapigia simu saa nne asubuhi, unamsomea swali la mistari mitano lenye "je, unakubali au hukubali", halafu unashangaa anakubali ili akate simu arudi shambani. Rekebisha swali lako kwanza.

Mpima Kura
Dada, sijamtukana mtu. Tabia ya kukubali-kubali inajulikana kwa kila anayefanya kazi hii.

Binti Songea
Inajulikana, na dawa yake ni kuuliza "lipi kati ya haya mawili" badala ya "unakubali". Dawa yake si kumpunguza mtu. Marekani, uchaguzi wa rais wa 2016, tafiti nyingi za kura za majimbo hazikurekebisha elimu kabisa. Wenye digrii ndio wanaopenda kujibu, na mwaka ule walielemea kwa Clinton. Wasio na digrii wakahesabiwa pungufu, na Trump akashinda Wisconsin na Michigan, ambako tafiti zilimpa Clinton.

Kikokotoo
Elimu ilikuwa sababu mojawapo, Binti Songea. Wapo pia walioamua siku za mwisho, na hao hakuna uzito ungewashika. Lakini hoja yako inasimama.

Kuhusu mpangilio, ndugu Mpima Kura, si hivyo. Ukisimama baada ya mzunguko mmoja, ndiyo, cha mwisho kinashinda: hapo juu mjini walikuwa 310 tu. Ukiendelea hadi namba zitulie, anza na elimu au anza na eneo, utafika palepale. Kama mpangilio unabadilisha jibu lako, hujamaliza.

Mhariri wa Jedwali
Hapo pa "namba zitulie" pana mtego ulionipata mwaka huu. Natumia programu ya R:

```
d2 <- rake(d, list(~eneo, ~elimu),
           list(p.eneo, p.elimu))
svytable(~eneo, d2)
```

Haikutoa onyo lolote. Nilipotazama jedwali la eneo, jumla za mjini na kijijini hazikulingana na nilizoweka. Nilihangaika siku nzima. Nani anajua kwa nini?

Kikokotoo
Jumla za `p.eneo` na `p.elimu` zinalingana?

Mhariri wa Jedwali
Hapana. Eneo nilichukua watu wa umri wote, elimu ni wa miaka 15 na zaidi.

Kikokotoo
Ndiyo hiyo. Programu inapima kama jedwali limebadilika kati ya mzunguko mzima na mzunguko unaofuata. Jumla zikitofautiana, kila duru inavuta juu kwa eneo, inavuta chini kwa elimu, inaishia palepale, nayo inadhani imetulia. Elimu inakaa, eneo halikai. Chukua vyote viwili kwa watu wale wale, kwa mfano wa miaka 18 na zaidi, ugeuze kuwa asilimia, uzidishe vyote kwa namba ile ile. Na usiache kamwe kuchapa jedwali la kila kigezo baada ya kumaliza, kama ulivyofanya. Bila hilo ungeupeleka utafiti hivyo hivyo.

Msomaji wa Kibaha
Naomba turudi kwenye swali langu. Mtu mmoja kuwa 2.44 nimeelewa. Je, akiwa 20? Bado mtasema si kupika?

Kikokotoo
Swali zuri, na lilishatokea. Mwaka 2016 utafiti wa Los Angeles Times na chuo cha USC ulikuwa na kijana mweusi wa miaka 19 wa Illinois, mfuasi wa Trump. Walitumia makundi finyu, kama umri wa miaka 18 hadi 21, ambamo wahojiwa walikuwa wachache. Uzito wake ukafika kama mara 30 ya mhojiwa wa wastani. Akiwemo wiki hii, Trump anapanda miongoni mwa weusi, akikosekana, anashuka. Hakuna aliyepika, lakini namba ilikuwa inamfuata mtu mmoja.

Mpima Kura
Ndiyo maana mimi nakata. Juu ya 5 hapiti mtu.

Binti Songea
Ukikata, jumla za sensa hazikai tena. Na unaowakata ni walewale wa kijijini.

Mpima Kura
Unakata, unasawazisha upya, unakata tena. Zinakaa karibu.

Kikokotoo
Kabla ya kukata, unganisha makundi: 18 hadi 21 iingie 18 hadi 29. Uzito mkubwa ni dalili kwamba kisanduku kina watu wachache mno. Na gharama ipo hata kwenye mfano wangu mpole: ukipima jinsi uzito unavyotofautiana, wale 1,000 wanafanya kazi ya watu kama 625. Ripoti inayotoa kiwango cha kosa kwa watu 1,000 inajisifia isichonacho.

Halafu jambo lisilosemwa: njia hii inarekebisha jumla za pembeni tu, yaani eneo peke yake na elimu peke yake. Katika sampuli, mjini sekondari 400 mara kijijini msingi 200 ni maradufu ya mjini msingi 200 mara kijijini sekondari 200. Baada ya mizunguko yote uwiano huo bado ni 2. Kama simu zimepotosha uhusiano wa mji na elimu, hapo hapajaguswa.

Binti Songea
Basi tumieni jedwali la sensa la eneo kwa elimu pamoja, visanduku vyote vinne.

Mpima Kura
Kwa vinne sawa. Weka mikoa 26 ya Bara, elimu nne, jinsia, umri makundi matano: visanduku 1,040 kwa wahojiwa 1,000. Utajaza nini humo?

Binti Songea
Anza na elimu kwa mji na kijiji, mengine yabaki pembeni. Na wale wasio na simu kabisa, uzito wao utampa nani?