Livu ya Hija siku 35, bosi ameanza kununa. Nimwandikie vipi?

mie_wa_Likoni:
Asalam aleikum wanajamvi. Mie ni mhasibu kwa kampuni ndogo ya malori hapa Mombasa, nimejaaliwa nafasi ya Hija na kundi letu laondoka Jumatatu tarehe 11 Mei 2026, twarudi Jumapili 14 Juni inshallah. Nilipomgusia bosi akauliza "Hija si siku tano?" nami nikakwama, kwa mkataba nina siku 21 tu na vitabu vyote niko navyo mwenyewe. Barua niianzie wapi?

Shee_Kisauni:
Hongera ndugu. Hija ni haki yako ya dini, kisheria wakupe livu na mshahara wote, usiombe, waarifu tu!!

Bi_Hesabu:
Shee hapo umepatia nusu. Sheria ya ajira yatoa siku 21 za kazi zenye mshahara kwa mwaka, livu ya Hija peke yake haimo, kwa hivyo hizo zingine lazima aziombe kwa adabu.
Sasa mie_wa_Likoni, siku 35 usizitaje za kalenda, zamtisha bure. Kama mwafanya Jumatatu mpaka Ijumaa ni wiki tano, siku 25, toa Madaraka 1 Juni yaangukia Jumatatu, zabaki 24. Omba 21 za mshahara na 3 bila mshahara. Idi ikitangazwa sikukuu utaokoa moja, lakini hiyo ni ya mwezi kuandama, usiiandike.
Swali lake la siku tano lijibu kwa mstari mmoja, kwamba ibada yenyewe ni 8 hadi 13 Mfungo Tatu, zilobaki ni Madina na ndege ambazo hupangi wewe.

baharia254:
Mimi nilienda siku kumi na hakuna aliyejua, nilisema naumwa 😂

mie_wa_Likoni:
@baharia254 hiyo si ilikuwa Umra? Na uongo tena, ukielekea Makka!
Bi_Hesabu shukran, na kazi je? Nimpe kijana wa ofisini paswadi yangu ya iTax?

Bi_Hesabu:
Paswadi hapana. Tazama tarehe zako, VAT ya Aprili mwisho wake 20 Mei, ifaili kabla hujatoka Ijumaa tarehe 8. VAT ya Mei ni 20 Juni, ushakaa kwa meza. Shimo ni moja tu, mishahara ya Mei na PAYE yake kabla ya 9 Juni. Andika hivi:

"Mishahara ya Mei nitaiandaa kabla ya kuondoka. Mwenzangu atabadilisha siku za waliokosa kazi, wewe utaidhinisha, naye atafaili PAYE kufikia tarehe 5 Juni."

Tarehe 5 ili likitokea tatizo kuna siku za kulitatua. Na huyo kijana afanye ya Aprili ukiwa umekaa ubavuni mwake, utaona anapokwama.

Mwinyi_K:
Mimi ndege ilichelewa siku mbili nikakuta bosi moto. Usiahidi kuingia kazini asubuhi ya 15, sema 16.

mie_wa_Likoni:
Basi zawa 4 bila mshahara. Bosi pia ataka nibebe laptopu mpaka Mina, hilo sijui nalijibu vipi.