Kiwanja Kibaha baada ya miaka 5: SACCOS, benki au mfuko wa uwekezaji?

Bi_Mdogo: Habari wapendwa. Mimi na mume wangu tunataka kiwanja kilichopimwa Kibaha. Vya aina tunayotaka sasa vinauzwa milioni 15. Tunaweza kuanza na 260,000 kwa mwezi. Tuweke wapi?

Mtu_wa_Ushirika: SACCOS, dada. Unakopeshwa hadi mara tatu ya akiba yako. Mwaka wa pili tu mnanunua, miaka 5 ya nini?

Kaka_Mhasibu: Mara tatu ni kweli kwa SACCOS nyingi, ila akiba inabaki kule kama dhamana mpaka umalize deni. Huichukui ukajazia bei. Kwa hiyo mtakopa bei yote. Bei ikiwa imefika milioni 17.5 mwaka huo wa pili, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayopungua na salio, kwa miezi 48, rejesho ni kama 460,000 kwa mwezi. Bi Mdogo ana 260,000.

Tena msilenge milioni 15. Tuseme bei inapanda asilimia 8 kwa mwaka: baada ya miaka 5 ni milioni 22, bado ushuru wa stempu na gharama za kuhamisha hati. Lengeni milioni 23.

Wekeni 260,000 kila mwezi mwaka wa kwanza, 280,000 wa pili, 300,000 wa tatu, 330,000 wa nne na 360,000 wa tano. Ikatwe siku mshahara unapoingia, kabla ya matumizi. Jumla mtaweka milioni 18.36. Faida ikiwa asilimia 10 kwa mwaka mnafika milioni 23.3, ikiwa 8, mnaishia 22.2, mtapungukiwa kidogo.

Amana ya muda maalumu benki hukatwa kodi ya asilimia 10 kwenye riba, na si rahisi kuiongezea kila mwezi. Mimi ningeweka mfuko wa hatifungani wa UTT, kisha miezi 12 ya mwisho nihamishie Mfuko wa Ukwasi wa hukohuko UTT, ili nisikute thamani imeshuka siku ya kulipa.

Baba_Zuhura: Sisi tulinunua Mkuranga shamba lisilopimwa, bei poa. Mbona hamfikirii matofali mapema? Saruji inapanda kila siku.

Bi_Mdogo: Asante kaka, ila bado hatujafika kwenye kujenga. Akaunti iwe ya nani?

Dada_Wakili: Ya wote wawili, na kutoa pesa kuhitaji saini zote mbili. Hati nayo iandikwe majina yote mawili tangu mwanzo. Kuongeza jina baadaye ni safari nyingine ya ofisi za ardhi. Kabla ya kulipa hata arabuni, fanyeni upekuzi kwa msajili wa hati muone mmiliki ni nani na kama kuna rehani.

Mtu_wa_Ushirika: Na bei ikipanda asilimia 15 kwa mwaka?

Kaka_Mhasibu: Hapo itafika kama milioni 30, na mpango huu hautoshi. Kila Januari waulize bei ya eneo lilelile. Ikizidi makadirio miaka miwili mfululizo, wakope kiasi kinachopungua au wasogee mbali zaidi na barabara.

Mtu_wa_Ushirika: Mimi bado ningekopa mapema, hata kama ni kiwanja kidogo.